Data ghafi ya kipanya au mipangilio ya mfumo? Ulinganisho kwa mchezaji mwenye skrini mbili

Mchezaji anageuka kulia kumkabili adui, anabonyeza kitufe cha kushoto cha kipanya, na badala ya bunduki kulia, mchezo wote unajikunja na kutoweka, huku dirisha lililokuwa wazi kwenye skrini ya pili likija mbele. Mimi yalinikuta nikiwa nimeacha barua pepe ambayo sijaimaliza kwenye skrini hiyo ya pili. Mbofyo niliomkusudia adui uliangukia kitufe cha kutuma, na barua ikaenda ikiwa na nusu ya sentensi. Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa ule unaotolewa karibu kila mara: washa Raw Input, yaani data ghafi ya kipanya, katika mipangilio ya mchezo. Niliwasha, na kishale kikaendelea kutorokea skrini ya pili vilevile.

Ushauri huo haukuwa wa uongo, ila ulijibu swali ambalo sikuuliza. Kuna maswali mawili hapa, na majina yake yanafanana kiasi cha kuwachanganya hata wazoefu. La kwanza ni jinsi mchezo unavyoupima mwendo wa mkono: je, unachukua data ghafi ya kipanya, au unachukua mwendo uliokwisha kurekebishwa na mipangilio ya mfumo? La pili ni mahali ambapo kishale kinaruhusiwa kufika. Ulinganisho huu unahusu hasa swali la kwanza, lakini hauna maana kwa mwenye skrini mbili bila la pili, na ndiyo maana nitayaeleza yote mawili kwa pamoja. Nitatumia Windows kama mfano wa kudumu, kwa kuwa majina ya mipangilio nitakayoyataja yanasomeka huko.

Mwendo mmoja, njia mbili

Kihisi kilicho chini ya kipanya hakijui pikseli wala skrini. Kinachojua ni kwamba kimesogea hatua kadhaa kulia au kushoto, mbele au nyuma, na idadi ya hatua hizo kwa kila inchi ndiyo ile namba ya DPI iliyoandikwa kwenye boksi la kipanya. Kipanya cha DPI 800 kikisogezwa inchi moja hutoa hatua 800. Vipanya vingi vya michezo hupeleka taarifa hizo kwenye kompyuta mara 1,000 kwa sekunde.

Zikifika kwenye Windows, hatua hizo hupita njia mbili. Katika njia ya kwanza, mfumo huzizidisha kwa kiwango cha kasi alichochagua mtumiaji kwenye Mouse pointer speed, na kama Enhance pointer precision imewashwa, huongeza au kupunguza tena kulingana na wepesi wa mkono wakati huo. Matokeo yake ndiyo yanayosogeza kishale, na programu huarifiwa kwamba kishale sasa kipo mahali fulani kwa ujumbe uitwao WM_MOUSEMOVE. Katika njia ya pili, ambayo imekuwapo tangu Windows XP, programu hujiandikisha kupokea ujumbe uitwao WM_INPUT, na ndani yake hukuta hatua zilezile zilizotoka kwenye kipanya, kabla hazijaguswa na kasi wala kuongezwa mwendo. Hiyo ndiyo data ghafi.

Neno ambalo ningependa msomaji alishike kuliko mengine yote katika makala haya ni kwamba njia hizi hazibadilishani zamu. Mchezo unapoamua kusikiliza njia ya pili, ya kwanza haifungwi. Mfumo unaendelea kusogeza kishale kama kawaida, kwa kasi ileile uliyoiweka, hata kama mchezo umekificha na haukitumii kwa lolote. Kishale kisichoonekana bado kipo, kina mahali pake kwenye skrini, na mbofyo unaangukia pale kilipo.

Tofauti inayosikika mkononi

Tuanze na kile ambacho Raw Input inakibadilisha kweli. Chukua mchezo wa injini ya Source, ambao hugeuza nyuzi 0.022 kwa kila hatua ya kipanya, ukizidishwa na thamani ya `sensitivity`. Mchezaji mwenye `sensitivity 2` hugeuka nyuzi 0.044 kwa hatua, kwa hiyo mzunguko kamili wa nyuzi 360 unahitaji hatua zipatazo 8,182. Kwa kipanya cha DPI 800 hizo ni inchi 10.2, yaani kama sentimita 26 za meza. Akiwa ameandika amri hii, hesabu hiyo haitabadilika hata akigeuza mipangilio ya Windows apendavyo:

```
m_rawinput 1
```

Akiandika `m_rawinput 0`, kasi ya mfumo inaingia kwenye hesabu. Kipimo cha kasi katika Windows kina ngazi 1 hadi 20, na ngazi ya 10, ambayo mfumo huja nayo, ndiyo inayoipa hatua moja ya kipanya pikseli moja ya kishale, mradi Enhance pointer precision imezimwa. Ngazi ya 14 huzidisha mara mbili, na ngazi ya 6 hupunguza nusu. Mchezaji yuleyule akiwa kwenye ngazi ya 14 atakamilisha mzunguko kwa sentimita 13, na akiwa kwenye ngazi ya 6 atahitaji sentimita 52. Kwa hiyo mtu anayehama kutoka mipangilio ya mfumo kwenda data ghafi na kuona bunduki yake imekuwa nzito ghafla hajaharibu kitu. Amepoteza kizidishi alichokuwa amekizoea, na anaweza kukirudisha kwa kuzidisha `sensitivity` kwa kiwango hichohicho.

Kisichoweza kurudishwa kwa hesabu rahisi ni Enhance pointer precision. Jina lake linapotosha, kwa maana kinachofanywa na mpangilio huo ni kumfanya kishale aende mbali zaidi mkono unapokuwa mwepesi na karibu zaidi mkono unapokuwa polepole, kwa umbali uleule wa meza. Kwenye kazi za ofisi ni msaada wa kweli, kwa kuwa unavuka skrini kwa mkupuo na bado unalenga kitufe kidogo. Katika kulenga kwa bunduki, sentimita 10 za leo si sentimita 10 za jana, kwa sababu mkono haukimbii kwa kasi ileile mara mbili. Mpangilio huu huja ukiwa umewashwa, na wachezaji wengi wanaosifu Raw Input kwa kweli wanasifu kuondokana na mpangilio huu mmoja. Mtu anayeuzima na kuweka kasi kwenye ngazi ya 10 anapata karibu kila kitu ambacho data ghafi ingempa, isipokuwa jambo moja nitakalolieleza sasa, kwa sababu ndilo linalotupeleka kwenye skrini ya pili.

Ukingo wa skrini

Mchezo unaosoma mahali pa kishale badala ya data ghafi una tatizo la kimaumbile: kishale kinaweza kugonga ukingo wa skrini, na kikishagonga hakiendi tena, ingawa mkono bado unasogea. Mchezaji angebaki hawezi kugeuka zaidi. Dawa ya zamani, na bado inatumika, ni mchezo kukirudisha kishale katikati ya dirisha kwa kila fremu, kisha kupima kimeondoka umbali gani kutoka hapo kabla ya kukirudisha tena. Data ghafi haihitaji ujanja huo, kwa kuwa hatua za kipanya hazina ukingo. Hapo ndipo unapoingia mkanganyiko ambao sijaona ukielezwa vya kutosha: mtengenezaji aliyehamia data ghafi anaweza kuacha kukirudisha kishale katikati, akiamini kwamba hakihitajiki tena. Hakihitajiki kwa kupimia mwendo, ni kweli. Lakini kule kukirudisha kulikuwa pia kunakizuia kisiende mbali, na sasa hakuna kinachokizuia.

Tufanye hesabu kwa mpangilio ulio wa kawaida sana. Skrini kuu ni ya pikseli 1920 kwa 1080, na ya pili, ya ukubwa uleule, imepangwa upande wa kulia. Kwa Windows, hizi si skrini mbili zenye ukuta kati yao, bali ni uwanja mmoja wenye upana wa pikseli 3840. Mchezo unaanza kishale kikiwa katikati ya skrini kuu, kwenye pikseli ya 960. Kutoka hapo hadi mpakani ni pikseli 960 nyingine. Kwa kasi ya ngazi ya 10 na DPI 800, pikseli 960 ni hatua 960, ambazo ni inchi 1.2, au sentimita 3 na kidogo. Hizo ni sehemu ndogo sana ya sentimita 26 za mzunguko kamili. Mchezaji hajamaliza hata kugeuka nyuzi 45, na kishale chake kilichofichwa tayari kimevuka.

Mtu anaweza kudhani kwamba akigeuka kulia kisha kushoto kwa kiasi kilekile, kishale kitarudi kilikotoka. Hakirudi, kwa sababu upande wa kushoto kuna ukuta na wa kulia hakuna. Ukigeuka kushoto sentimita 20, kishale kinagonga ukingo wa kushoto wa skrini kuu mapema na kusimama hapo, na mwendo wote uliobaki unapotea. Ukigeuka tena kulia sentimita 20, kinaondoka kutoka ukingoni na kwenda hatua zaidi ya 6,000, ambazo zinatosha kukipeleka hadi mwisho kabisa wa skrini ya pili. Baada ya dakika moja ya kucheza, kishale kinaweza kuwa popote katika zile pikseli 3840, na kila mbofyo ni bahati nasibu.

Sasa linganisha na mchezo wa njia ya zamani, unaokirudisha kishale katikati kwa kila fremu. Ukiwa unakwenda fremu 60 kwa sekunde, kishale kina kama milisekunde 16.7 tu za kutoroka kabla ya kuvutwa tena. Kuvuka sentimita 3 ndani ya muda huo kunahitaji mkono unaokwenda karibu mita 1.8 kwa sekunde, na mbofyo uanguke katika kipande hichohicho cha wakati. Hutokea kwa nadra. Lakini mchezo ukikwama kwa milisekunde 100, kama inavyotokea unapopakia eneo jipya, sentimita 30 kwa sekunde zinatosha, na huo ni mkono wa kawaida kabisa. Kwa hiyo mchezaji anayesema kwamba kishale chake hutoroka pale tu mchezo unapokwama ana uwezekano mkubwa wa kuwa anatumia njia ya zamani, na yule ambaye kwake hutoroka wakati wowote ana uwezekano mkubwa wa kuwa kwenye data ghafi isiyofungiwa.

Hesabu hii inafichua pia jambo la kuchekesha kidogo. Raw Input ikiwa imewashwa, kasi ya mfumo haigusi ulengaji, lakini bado inagusa kishale kilichofichwa. Ukishusha Mouse pointer speed hadi ngazi ya 1, ambapo hatua 32 za kipanya hutoa pikseli moja, kishale kitahitaji karibu mita nzima ya meza ili kufika mpakani, na bunduki yako haitahisi lolote. Nimewahi kucheza hivyo jioni nzima. Siipendekezi, kwa sababu menyu za mchezo huwa mateso, na eneo-kazi lenyewe halitumiki, lakini kama jaribio linathibitisha kwamba njia mbili zinakwenda sambamba.

Kufuli, na jinsi linavyofunguka

Kinachozuia kishale kutoroka ni kufuli. Katika Windows, mchezo huita `ClipCursor` na kuutajia mfumo mstatili ambao kishale kisitoke, kwa kawaida mstatili wa dirisha la mchezo wenyewe. Baada ya hapo ukingo wa kulia wa skrini kuu unakuwa ukuta kama ule wa kushoto, iwe mchezo unasoma data ghafi au la. Michezo mingine hutoa mpangilio huu kwa mchezaji kwa majina kama Lock cursor to window au Confine mouse, na mingine huufanya kimyakimya.

Udhaifu wa kufuli hili ni kwamba kishale ni mali ya pamoja. Programu zote zinakitumia, na Windows haikubali programu moja ikishikilie wakati mtumiaji yuko kwenye nyingine. Dirisha jingine linapokuja mbele, kufuli hufunguka. Ukibonyeza Alt+Tab, limefunguka. Programu ya mazungumzo ikitokeza dirisha lake na kunyakua nafasi ya mbele, limefunguka. Mchezo ulioandikwa vizuri hufunga upya kila unaporudi mbele. Mchezo ulioandikwa kwa haraka hufunga mara moja tu unapoanza, na kuanzia Alt+Tab ya kwanza mchezaji yuko wazi bila kujua. Hali hii inatambulika kwa urahisi: kishale hakitoroki katika dakika za mwanzo, kisha kinaanza kutoroka baada ya wewe kutoka na kurudi.

Wengi huamini kwamba kuchagua Fullscreen badala ya Borderless kunatosha. Hali ya skrini nzima haifungi kishale kwa yenyewe, na ni mchezo unaoamua kufunga unapoingia katika hali hiyo. Michezo mingi hufanya hivyo, na ndiyo maana imani hiyo imeenea. Tofauti ya hakika iko kwenye madhara: katika Fullscreen mchezo uliopoteza nafasi ya mbele kwa kawaida hujikunja, na katika Borderless hubaki ukionekana lakini haupokei tena vitufe, jambo ambalo mara nyingine ni baya zaidi, kwa kuwa unaweza kufa mara mbili kabla ya kugundua kwamba mhusika wako hakusikii.

Kupima badala ya kubahatisha

Kabla ya kuchagua chochote, jua mchezo wako unafanya nini. Swali la kwanza lina jaribio la nusu dakika: shusha Mouse pointer speed hadi ngazi ya 1, rudi kwenye mchezo, na ugeuke. Kama kugeuka hakujabadilika, mchezo unasoma data ghafi, liwe limeandikwa hivyo kwenye menyu au la. Kama kumekuwa kuzito kupita kiasi, unasoma mipangilio ya mfumo.

Swali la pili linahitaji kuona kitu ambacho mchezo umekificha. Fungua PowerShell, iweke kwenye skrini ya pili, na uandike haya:

```powershell
Add-Type -AssemblyName System.Windows.Forms
while ($true) {
  "$([System.Windows.Forms.Cursor]::Position) $([System.Windows.Forms.Cursor]::Clip)"
  Start-Sleep -Milliseconds 300
}
```

Kila mstari utaonyesha kwanza mahali pa kishale, kisha mstatili wa kufuli. Rudi kwenye mchezo, geuka huku na huku bila kubofya, ukitupia jicho namba zinazopita. Skrini mbili za mfano wetu zikiwa kwenye ukuzaji wa 100%, mstatili wenye `Width=3840` maana yake hakuna kufuli, na wenye `Width=1920` maana yake kishale kimefungiwa kwenye skrini kuu. Mahali pa kishale pakirudi kila mara karibu na `X=960,Y=540`, mchezo unakirudisha katikati. Namba ya `X` ikipita 1919, umekiona kikitoroka. Ukimaliza, simamisha kwa Ctrl+C.

Kwa mchezo ulionitumia barua yangu, namba zilisema hivi. Mwanzoni `Width` ilikuwa 1920, na nikageuka nilivyotaka bila `X` kuvuka. Nikabonyeza Alt+Tab kwenda kwenye barua na kurudi, na `Width` ikawa 3840 na kubaki hivyo. Nilijaribu Raw Input ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, na kufuli lilifunguka mara zote mbili. Tofauti ilikuwa kwamba Raw Input ikiwa imezimwa, `X` ilirudi katikati kila mara, na ikiwa imewashwa ilizurura hadi 3839. Kwa maneno mengine, ushauri niliopewa ulikuwa umeniongezea tatizo. Dawa ilikuwa kubadili kutoka Fullscreen kwenda Borderless na kurudi, kila baada ya Alt+Tab, jambo lililoulazimisha mchezo ufunge kufuli upya. Si dawa ya kifahari, lakini nilibaki na ulengaji wa data ghafi na barua zangu zikabaki salama.

Achague nani, achague nini

Kwa anayecheza michezo ya kulenga kwa kipanya cha kawaida, chaguo langu ni data ghafi bila kusita, na kisha kushughulikia kufuli kama jambo la pili linalojitegemea. Ulengaji unabaki uleule hata mfumo ukisakinishwa upya au mtu mwingine akigeuza mipangilio ya kompyuta, na Enhance pointer precision inaweza kubaki imewashwa kwa kazi za ofisi bila kuingia kwenye mchezo. Kama mchezo hauna Raw Input, zima mpangilio huo na uweke kasi kwenye ngazi ya 10.

Kwa michezo ya mikakati, ambapo kishale kinaonekana na ndicho kinachochagua askari na majengo, mipangilio ya mfumo inafaa zaidi. Mkono umekizoea kishale cha eneo-kazi, na hakuna sababu ya kuufundisha kingine. Data ghafi hapa hulazimisha mchezo kuchora kishale chake wenyewe, na kikianza kutofautiana na kile cha mfumo unaona mambo ya ajabu, kama vile kubofya kitufe ambacho kishale hakipo juu yake. Kufuli katika michezo hii lina uzito maradufu, kwa kuwa ramani husogea pale kishale kinapogusa ukingo wa skrini. Bila kufuli, ukingo wa kulia haupo: kishale kinapita moja kwa moja kwenda skrini ya pili na ramani inakataa kusogea upande huo tu. Malalamiko ya namna hiyo, kwamba ramani husogea pande tatu na kugoma wa nne, ni ishara ya kufuli lililofunguka.

Kuna kundi ambalo data ghafi haiwafai kabisa, nalo husahauliwa. Bamba la kuchorea lenye kalamu, na kipanya kinachopitishwa kwenye muunganisho wa mbali au kompyuta pepe, mara nyingi havipeleki hatua bali hupeleka mahali kamili. Mchezo uliotarajia hatua chache kulia ukipokea namba kubwa ya mahali na kuichukulia kuwa hatua, mhusika huzunguka kama pia au kutazama angani na kubaki hapo. Mtu akiona hivyo, azime Raw Input, na aache mfumo ufanye tafsiri.

Mchezo usipotoa kufuli lolote, zipo njia za nje. Iliyo rahisi kuliko zote ni kubonyeza Win+P na kuchagua PC screen only kwa muda wa mchezo, ingawa hapo skrini ya pili inapoteza maana yake. Zipo programu ndogo ambazo kazi yake ni kuita `ClipCursor` kwa niaba ya mchezo kila unaporudi mbele. Zinafanya kazi, ila katika mchezo wa mtandaoni wenye ulinzi dhidi ya udanganyifu ningesita kuendesha chochote kinachogusa dirisha la mchezo kutoka nje.

Njia ninayoitumia mimi kwa michezo migumu haihitaji programu. Katika mipangilio ya Display, skrini huonyeshwa kama visanduku unavyoweza kuviburuta. Badala ya kuiweka skrini ya pili ubavuni mwa ya kwanza, iburute hadi zigusane kwenye pembe tu, pembe ya juu kushoto ya skrini ya pili ikikutana na pembe ya chini kulia ya skrini kuu. Kwa mfumo, ukingo wa kulia wa skrini kuu sasa ni ukuta karibu wote, na mlango uliobaki ni pale penye pembe. Kishale kilichofichwa bado kinaweza kupenya kikisukumwa kulia na chini kwa wakati mmoja, kwa hiyo hili si kufuli kamili, lakini katika mchezo wa mikakati linarudisha ukingo unaosogeza ramani, na katika mchezo wa kulenga linageuza tukio la kila dakika kuwa la mara chache. Katika Windows 11 zima pia Ease cursor movement between displays, iliyo chini ya Multiple displays, kwa kuwa kazi yake ni kukisaidia kishale kuruka pale ambapo kingo za skrini hazikutani. Dirisha unalotaka kulipeleka skrini ya pili halitapita tena kwa kuburutwa ubavuni, ila Win+Shift pamoja na mshale wa kulia hulihamisha mara moja.